Barua kwa mwanangu: cheti hakijatoka na tangazo lafunga Ijumaa

«Mama, kampuni moja ya kliaringi hapo Mombasa yatafuta karani wa nyaraka, na tangazo lafunga Ijumaa. Wataka digrii na nakala ya cheti. Mitihani ya mwisho nilifanya Aprili, ila marksi za somo moja hazijaingia, na mahafali ni Desemba. Niandike nimemaliza, au ninyamaze mpaka waulize?»

Mwanangu,

Yote mawili yatakuharibia. Nimeketi miaka kumi na tisa kwenye dawati la wafanyakazi, upande wa Kilindini, nikifungua maombi kama haya kila asubuhi, na najua msomaji wake hufikia wapi akasimama.

Neno «nimemaliza» ndilo lenye mtego. Kwako lina maana kuwa umetoka chumba cha mtihani ukaweka kalamu chini. Kwa mwajiri lina maana kuwa cheti kiko kwenye bahasha nyumbani. Kati ya hapo na hapo kuna safari nzima. Kwanza mtu hufanya mitihani. Kisha marksi zote huingizwa na idara na kitivo wakazipitia. Kisha Seneti ya chuo huidhinisha matokeo na jina likaingia kwenye orodha ya wahitimu. Kisha huja mahafali, siku ambayo shahada yatunukiwa. Mwisho mtu hufanya kliarensi, maktaba, ada na idara, akachukua cheti. Wewe hivi sasa uko baina ya hatua ya kwanza na ya pili. Taja hatua hiyo kwa jina lake, na nusu ya kazi ya barua imekwisha.

Mimi ningeiandika hivi. Wao wametangaza kwa Kiingereza, kwa hiyo nawe utajibu kwa Kiingereza; hapa nakupa maana na mpangilio.

«Naomba kazi ya karani wa nyaraka mliyoitangaza wiki iliyopita. Nasomea Shahada ya Biashara, tawi la uchukuzi na ugavi, na mitihani yote ya mwaka wa nne nilifanya mwezi wa Aprili. Matokeo ya somo moja bado hayajaingizwa na idara inayashughulikia. Seneti ikiyaidhinisha kabla ya orodha ya wahitimu kufungwa, nitatunukiwa shahada kwenye mahafali ya Desemba. Nimeambatanisha matokeo ya muda ya mwaka wa kwanza hadi wa tatu, pamoja na barua ya idara inayothibitisha hali hii. Masomo ya darasani yamekwisha na naweza kuanza kazi mara moja, siku zote za wiki.»

Baada ya hapo ingia kwenye kazi yenyewe: yale uliyoyafanya ulipokuwa kwenye mafunzo ya kazini, manifesti ulizozipanga, hati za kupakia mizigo ulizozisoma. Hali ya cheti usiirudie tena chini.

Tazama nilipoiweka: sentensi ya pili, pale pale shahada inapotajwa. Wengi huificha mwisho, baada ya sifa zote, imeanza na «Naomba radhi lakini». Msomaji akiikuta huko huhisi amezungushwa, akarudi juu kuisoma barua upya kwa jicho la shaka. Tena radhi ya nini? Hujakosa. Chuo kina utaratibu wake na wewe uko ndani yake.

Sentensi ya mwisho ya kipande kile usiiache. Mwajiri akisoma «bado nasoma» haogopi karatasi. Aogopa kumwajiri mtu ambaye Jumanne na Alhamisi atakuwa darasani, na meli ikifunga gati hayupo. Nimeona maombi mazuri yakiwekwa kando kwa hofu hiyo tu, na mwombaji mwenyewe alikuwa hana kipindi hata kimoja kilichobaki. Hakusema, nasi hatukuuliza, kwani mafaili yalikuwa mengi.

Sasa ile barua ya idara. Barua ya kukamilisha masomo kutoka kwa msajili hutaipata kwa sasa, kwa sababu hiyo hutolewa matokeo yakiwa kamili, nawe una somo moja lenye pengo. Usipoteze siku kwenye foleni yake. Nenda kwa mwenyekiti wa idara uombe barua fupi, kwenye karatasi rasmi, yenye muhuri na sahihi, isemayo mambo matatu: kuwa umejisajili na kufanya masomo yote ya programu, kuwa matokeo ya somo fulani yanashughulikiwa, na kuwa mahafali yanayofuata yametarajiwa mwezi gani. Picha ya ukurasa wa wanafunzi uliyoipiga kwa simu haitoshi peke yake. Mtu yeyote aweza kuibadilisha, na mwajiri ajua hilo.

Ukifika hapo, yafuatilie marksi zenyewe siku hiyo hiyo. Hili lanitia wasiwasi kuliko barua. Marksi zisipoingia kabla Seneti haijakaa, jina lako halitokei kwenye orodha, na Desemba yako yageuka kuwa mahafali ya mbele. Beba kadi yako ya mtihani na matokeo ya majaribio ya darasani ya somo hilo. Muombe mratibu wa mitihani aitazame karatasi ya mahudhurio mliyoitia sahihi ndani ya chumba. Sahihi yako ikiwapo, basi karatasi yako ilipokelewa, na swali labaki kwa mhadhiri: imesahihishwa na haikuingizwa, au imechanganywa na kundi jingine. Bila sahihi hiyo waweza kuandikwa kuwa hukufika mtihanini, na hilo ni shauri jingine kabisa. Ndiyo sababu kwenye barua nimeandika «Seneti ikiyaidhinisha». Mwezi waweza kuutaja, lakini usiutolee ahadi, kwa kuwa si wewe unayeupanga.

Kwenye wasifukazi andika jina la shahada, chuo, mwaka ulioanza, kisha «inatarajiwa Desemba». Herufi zile za shahada usizitie nyuma ya jina lako. Wala usiandike daraja la shahada. Najua umepiga hesabu na waona daraja la pili la juu liko mkononi, lakini somo hilo moja halijaingia kwenye hesabu, na daraja hutangazwa na chuo. Ukitaka waone bidii yako, andika wastani wa miaka mitatu ambayo matokeo yake yako kwenye kiambatisho, waweze kuukagua wenyewe.

Nataka nikueleze kwa nini nalishikilia hili hivi. Kijana mmoja aliletwa ofisini kwetu miaka ya nyuma, barua yake ya Agosti ikisema ana digrii. Kazi aliijua. Aliweza kuona kosa kwenye hati ya forodha kabla ya mizigo kukwama. Kipindi cha majaribio kilipokaribia kwisha nikamwomba nakala ya cheti niiweke kwenye faili, akaleta, cheti cha kweli kabisa, lakini kimeandikwa tarehe ya kutunukiwa: Desemba. Nikaiweka barua ya Agosti kando yake. Hakuwa ameghushi kitu; alikuwa ametangulia miezi minne tu. Meneja akasema mtu anayetia sahihi hati za forodha kwa niaba yetu hawezi kuandika kitu kabla hakijakuwa. Hakuthibitishwa kazini. Barua ya kumwambia hivyo niliichapa mimi, na hadi leo yaniuma, kwa sababu angalisema ukweli tungalimchukua vilevile.

Nasema hivyo nikiwa na hakika, maana mwaka uliofuata tulimchukua binti aliyekuwa kwenye hali kama yako. Aliandika wazi, na barua yake ya ajira ikatiwa sharti moja: alete cheti kabla ya kuthibitishwa. Sheria ya Ajira ya 2007 yaweka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, ila pande mbili zikikubaliana kukirefusha. Ukianza Septemba, miezi hiyo yafika mwisho wa Februari, na Desemba imo ndani yake. Wakikupigia simu na kusita, waambie hilo kwa adabu: kuwa wewe wakubali kuthibitishwa kwako kungoje cheti. Hasara yao ni ndogo, na wao wataiona.

Si kila tangazo litakubali. Kazi za serikali, za kitaifa na za kaunti, kwa kawaida hutaka vyeti vyenyewe siku ya mahojiano, na pale hakuna meneja wa kuzungumza naye. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilieleza kuwa ukaguzi wake ulikuta watumishi zaidi ya 2,000 wenye vyeti vya kughushi, na tangu hapo hakuna karani atakayekuonea huruma kwa karatasi iliyopungua. Hizo zisubiri mpaka ushike cheti. Hili la kliaringi ni la kampuni binafsi. Lisome tena: kama limeandikwa «maombi yasiyo na cheti hayatashughulikiwa», piga simu kabla ya kutuma, uulize kama barua ya idara yakubaliwa. Kama limesema tu «ambatanisha nakala za vyeti», tuma, na mahali pa cheti cha shahada weka barua ya idara.

Kuhusu ile salio ya ada, usiitaje kwenye maombi. Mimi na babako tuko nayo, na inshallah kabla ya Novemba itakuwa imekwisha. Lakini mahafali yakipita na cheti kikazuiliwa kwa ajili yake, wakikuuliza usiseme chuo chachelewesha. Sema umetunukiwa shahada na kliarensi ya ada haijakamilika. Wakiamua kupiga simu chuoni, maneno yako na yao yawe mamoja.

Ukishatuma, hali ikibadilika, ijibu barua pepe ile ile usianzishe mpya, ili waione pamoja na maombi. Marksi zikiingia, waandikie mstari mmoja na uambatanishe matokeo mapya. Na jina likikosekana kwenye orodha, waandikie vilevile, siku hiyo hiyo.

Viambatisho vyote viunganishe kwenye faili moja ya PDF, barua ya idara iwe mbele ya matokeo. Nitumie rasimu Jumatano usiku niisome. Alhamisi nina zamu ya kumpeleka bibi yako kliniki, sitaweza kuishika simu mpaka baada ya adhuhuri.

Mamako