Umeshuka Nanenane usiku na huna hela mkononi: wakala yupi umtolee?

Basi likiingia stendi kuu ya Nanenane, Dodoma, baada ya saa mbili usiku, miavuli ya mawakala unaiona kabla hujapata mzigo wako. ATM za matawi ya benki nyingi ziko katikati ya mji, kwa hiyo ukiwa stendi wakala ndiye wa karibu. Ramani ya simu haisaidii sana hapa. Meza ya wakala huhama, na alama yake kwenye ramani hubaki palepale. Uliza muuza duka au mama lishe ni wakala gani anayekaa pale kila siku, maana aliyefika jana hajulikani na majirani.

Tuseme unataka kutoa shilingi 80,000 kutoka M-Pesa. Anza na swali la kawaida: "Keshi ya elfu themanini ipo?" Kwenye kutoa, wakala anahitaji noti mkononi; floti anaihitaji pale unapoweka. Jioni wengi huwa na floti tele lakini droo tupu, na ni afadhali ulijue hilo kabla hela haijatoka kwenye simu yako. Makato ya kutoa yanakatwa juu ya kiasi hicho, kwa hiyo salio la 80,000 kamili halitoshi.

Swali la pili ndilo kipimo chenyewe: "Laini yako ya uwakala inasoma jina gani?" Muulize kabla hujaandika chochote. Jina hilo mara nyingi silo lililo kwenye bango, wala si lazima liwe la yule aliyekaa pale. Laini huweza kusajiliwa kwa jina la mwenye biashara, naye kijana wa mezani akawa ameajiriwa tu. Hilo si kosa. Lakini anayefanya kazi na laini hiyo kutwa nzima analijua jina lake kama anavyolijua la kwake. Akibabaika, au akisema "we andika tu utaliona", nenda meza nyingine.

Sasa piga *150*00# mwenyewe (Mixx by Yas ni *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#). Chagua kutoa pesa, kisha kwa wakala, andika namba ya wakala na kiasi. Mpangilio wa hatua hutofautiana kati ya mitandao, ila kabla muamala haujakamilika skrini huleta jina na kiasi ili uthibitishe. Hapo ndipo unalinganisha na jina ulilotajiwa. Likiwa jingine, kataa.

Angalia pia anakupeleka kwenye menyu ipi. Namba ya wakala hufanya kazi kwenye kutoa pesa. Akikwambia "tuma kwenye namba hii ya kawaida", unamtumia mtu binafsi, na kwa mtandao hiyo ni zawadi kama ulivyomtumia shangazi. Akikuonyesha lipa namba, umenunua kitu ambacho hukuchukua. Wapo wafanyabiashara waaminifu wanaokubali lipa namba kwa sababu ya makato, na watu wa mtaani wamezoea. Kwa mtu usiyemjua, saa tatu usiku stendini, usikubali: asipokupa noti, kumbukumbu itaonyesha malipo ya bidhaa, si fedha uliyoitoa.

Ukishathibitisha, atakayejitetea atasema "haijaingia, mtandao unasumbua". Usirudie muamala. Angalia salio kwa kupiga menyu, usitegemee meseji peke yake. Salio likiwa limepungua na meseji ina namba ya muamala, hela imeshatoka upande wako. Simama hapohapo, piga 100 huduma kwa wateja na umsomee namba hiyo mbele ya wakala. Wakala halisi hatakuzuia, tena yeye mwenyewe atafungua simu yake akuonyeshe.

Mambo mawili ya kukataa bila mjadala. Simu yako haitoki mkononi, hata akisema anakusaidia kwa kuwa una haraka. Na kutoa hela ya simu hakuhitaji kidole chako kwenye kifaa cha alama za vidole. Kidole hicho kinaweza kusajili laini kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kama ulishakiweka, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Noti zihesabu ukiwa bado mezani, chini ya taa yake, kabla bodaboda wa kwenda Majengo hajaanza kukuita.