Modeli ya tenisi inatoa 94% halafu inafeli kwenye mechi mpya

"Nina mafaili ya mechi za ATP, nimeweka kila kolamu iliyopo kwenye rigresheni ya lojistiki, inanipa 94%. Nikijaribu mechi za wiki hii inakosea kosea tu. Nakosea wapi?"

Mkuu hiyo 94 sio ya kweli, kwenye tenisi hakuna anayetabiri hivyo kabla mechi haijaanza. Mimi mwenyewe niliwahi kupata namba kama hiyo nikatamba kwa washkaji wiki nzima, kumbe nilikuwa nimeweka kolamu za w_ace, w_bpFaced na minutes. Hizo zinajazwa mechi ikishaisha! Mtu aliyekabiliwa na breki pointi nyingi mara nyingi ndiye kapigwa, kwa hiyo umempa mwanafunzi mtihani na majibu yake juu ya meza. Toa kila kitu kinachoanza na w_ na l_, toa score na minutes pia, ubaki na vitu vilivyojulikana kabla wachezaji hawajaingia uwanjani.

La pili ndo linawachanganya wengi. Yale mafaili yameandikwa mshindi kwanza, mshindwa baadaye. Ukiyaacha hivyo jibu lako kila mstari ni 1, na modeli haina cha kujifunza zaidi ya kwamba "wa kwanza anashinda". Inabidi urushe shilingi kila mechi, nusu uwageuze, na badala ya kuweka kolamu ya mchezaji A na kolamu ya mchezaji B weka tofauti yao.

```python
d = np.log(m.winner_rank_points) - np.log(m.loser_rank_points)
s = np.random.choice([-1, 1], len(m))
X = (d * s).to_numpy().reshape(-1, 1)
y = (s == 1).astype(int)
mod = LogisticRegression(fit_intercept=False, C=1.0)
```

Ile fit_intercept=False usiipuuze, maana ukibadilisha nani A nani B lazima jibu lijigeuze lenyewe, 0.75 iwe 0.25, na wakilingana pointi itoke 0.5 kamili. (Wasio na pointi watakuja NaN, watoe kwanza, na mechi zenye W/O toa, hazikuchezwa.)

Kwa nini logi? Kwa sababu pengo la pointi 500 kati ya mwenye 600 na mwenye 100 ni kubwa sana, lakini kati ya mwenye 9000 na 8500 ni kama hakuna. Logi inaangalia ni mara ngapi, sio ngapi zaidi. Chukua A ana 4000, B ana 1000, logi ya 4 ni kama 1.386, tuseme kizidishi chako kimetoka 0.8, unapata 1.109, ukipitisha kwenye 1/(1+e^-x) inatoka 0.75 hivi. Yaani B bado anashinda mechi moja kati ya nne, na hilo ni sawa kabisa, sio modeli mbovu.

Baada ya hapo mimi huongeza tofauti ya Elo, yaani alama za ubora zinazopanda ukishinda na kushuka ukipigwa, nahesabu kwa kila aina ya uwanja (udongo, nyasi, uwanja mgumu) basi. Rekodi ya wao kwa wao ilinidanganya sana, watu wengi wamekutana mara moja au mbili tu, 2-0 inaonekana 100% wakati haina maana, hapo ndo modeli inaanza kukariri majina. Kama unaitaka lazima, ongeza ushindi mmoja wa bure kila upande kabla ya kugawanya, 2-0 inakuwa 3 kwa 4.

Kupima sasa. Usichanganye mechi halafu ukate 80/20, utajikuta unafundisha kwa 2019 unajaribu 2015. Fundisha hadi 2016, chagua kolamu na C, ile breki ya modeli ambayo ikiwa ndogo inabana zaidi, kwa 2017, halafu 2018 na 2019 usiziguse mpaka mwisho, na uziguse mara moja! Angalia log_loss, yaani adhabu inayokua ukijiamini halafu ukakosea, ndogo ndo nzuri, sio asilimia ya kupatia tu. Anayesema 0.5 kila mechi anapata 0.693, modeli ya pointi peke yake iwe ya kwanza kushinda hiyo, na kila kolamu mpya ishushe namba ya 2017. Ikishusha ya kufundishia tu huku ya 2017 inapanda, imekariri, itupe.

Halafu kusanya mechi zote ilizosema 0.7 hadi 0.8 uhesabu aliyepewa nafasi kashinda ngapi, iwe karibu na 75 kwa 100. Ukiwa na mechi 100 tu kwenye kundi, kupishana 4 ni kawaida, hata 8 inatokea, usianze kurekebisha kitu. Ila kama makundi ya juu yote yanasema 0.9 na uhalisia ni 0.8, inajiamini kupita kiasi, punguza C.

Na 2020 kwenda mbele uwe makini na pointi, orodha iligandishwa Machi 2020 wakati wa korona, na Wimbledon 2022 haikutoa pointi kabisa, Djokovic kabeba kombe na akashuka hadi namba 7. Modeli ya pointi peke yake ilimuona kama mtu aliyeshuka kiwango, Elo haikudanganyika.