Flashi iliyolala miaka mitano kwenye droo

Agosti 2024 alinijia studio, hapa Mtwara mjini, mama mmoja kutoka Mikindani. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miezi mitatu nyuma, na alichokitaka ni kitu kimoja tu: nasaha ambazo marehemu alimpa binti yao siku ya harusi, Desemba 2019. DVD niliyowakabidhi ilishachezewa na wajukuu mpaka ikageuka sahani ya kupikia mchanga.

"Mwanangu, wewe najua hutupi kitu," akaniambia.

"Situpi, mama. Kaa kidogo."

Kweli situpi. Nikavuta droo ya juu, nikatoa flashi ya gigabaiti 32 yenye kipande cha plasta kilichoandikwa jina la bwana harusi. Nikaichomeka. Folda zikaja zote na majina yake, nikashusha pumzi. Nikaanza kunakili faili la nasaha. Mwanzo lilikwenda vizuri, baadaye kasi ikashuka kutoka megabaiti 20 kwa sekunde hadi chini ya 1, kisha ikasimama kabisa. Nilipochomoa na kurudisha, Windows ikaniletea hii:

```
You need to format the disk in drive E: before you can use it.
```

Hapo ndipo watu wengi wanapojimaliza. Ujumbe ule hausemi data imetoweka. Unasema tu kompyuta imeshindwa kuusoma ukurasa wa mwanzo, ule unaoeleza faili lipi limekaa wapi. Ukikubali kufomati, unaandika juu ya kile unachokitafuta. Nikabonyeza `Cancel`, nikachomoa flashi, nikamwomba mama anipe siku mbili.

Ile flashi haikuanguka, haikulowa, wala haikuguswa kwa miaka karibu mitano. Iliharibika kwa kulala, na jambo hilo wateja wangu huwa hawaliamini, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Ndani ya flashi mna vijumba vidogo mno, na kila kijumba kinashika chaji ya umeme kama mtungi unavyoshika maji. Flashi za zamani zilikuwa na mitungi ya kusoma hali mbili tu, umejaa au mtupu. Maji yakipungua kidogo, bado unajua ulikuwa umejaa. Flashi nyingi za leo ni za aina ya TLC: kila mtungi una viwango 8, ili taarifa nyingi zaidi zikae kwenye chipu ileile. Mistari imesogeleana. Yakivuja kidogo tu, kiwango cha 6 kinasomeka kama cha 5, na hapo herufi imeshabadilika. Chaji inavuja polepole muda wote flashi inapokuwa imekaa, na kuna vitu viwili vinavyoiharakisha. Cha kwanza ni joto. Cha pili ni uchakavu: kila unapofuta na kuandika upya, kuta za mtungi zinadhoofika.

Yangu ilikuwa nazo zote mbili. Kabla sijaiweka kama hifadhi, nilikuwa nimeibebea video za wateja karibu miaka miwili, naandika nafuta, naandika nafuta. Halafu nikaiweka droo ya juu, ukuta unaopigwa na jua la alasiri, chini ya bati lisilo na dari. Baada ya mkasa huu nilitia kipimajoto ndani ya droo ile, Novemba, saa tisa mchana. Kilisoma nyuzi 38.

Mtu ataniuliza, sasa inakaa miaka mingapi? Jibu moja hakuna. Flashi mpya, iliyoandikwa mara chache na kuwekwa pa baridi, inaweza kushika data miaka mingi, na watengenezaji wengi hutaja 10. Upande wa pili kuna kipimo cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu hizi: SSD, yaani diski ya kompyuta inayotumia chipu kama za flashi, ya mtumiaji wa kawaida, ikishaandikwa hadi mwisho wa kiwango ilichopangiwa, inatakiwa ishike data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30. Kipimo hicho watu hukisambaza vibaya mitandaoni kana kwamba kila SSD hufa baada ya mwaka. Kinahusu iliyochoka. Ila kwetu sisi wa studio, zilizochoka ndizo tunazozitupia droo, kwa sababu nzuri bado ziko kazini.

Dalili nayo inajificha. Kwenye flashi kuna chipu nyingine ndogo inayosahihisha makosa kabla hayajakufikia. Kosa moja inalisahihisha, kumi inasahihisha, wewe huoni chochote. Makosa yakizidi uwezo wake ndipo linakujia pigo la ghafla. Kinachokuonya kabla ya hapo ni kasi. Chipu ikihangaika, inasoma sehemu ileile mara nyingi, na kunakili kunapungua mwendo. Mwaka 2014 wenye SSD za Samsung 840 EVO waliona jambo la jamaa moja na hili: faili jipya lilisomwa haraka, la miezi kadhaa nyuma likajikokota, mpaka kampuni ikatoa marekebisho yaliyoifanya SSD iandike upya data ya zamani. Kwa hiyo flashi ikikopi kwa kusuasua kwenye mafaili ya zamani wakati mapya yanakwenda mbio, usiilaumu kompyuta. Toa vitu vyako siku hiyohiyo.

Turudi kwa mama. Nina kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu badala ya Windows, nikatumia `ddrescue`, programu ya kunakili diski inayosomeka kwa shida. Kwanza nikaangalia kwa `lsblk` flashi imepewa jina gani, maana ukikosea jina hapo utanakili diski nyingine. Kisha:

```
sudo ddrescue -n /dev/sdb harusi.img harusi.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb harusi.img harusi.map
```

Mstari wa kwanza unachukua yanayosomeka kwa urahisi na kuruka penye ubishi. Wa pili unarudi penye ubishi tu, na kujaribu mara 3. Faili la `harusi.map` linakumbuka ulipofika, hata umeme ukikatika unaendelea kutoka palepale. (Ulikatika, mara mbili.) Ilichukua usiku kucha. Asubuhi nilikuwa na nakala ya flashi nzima, ikipungua megabaiti 9 zilizogoma. Tangu hapo sikuigusa tena flashi yenyewe. Kazi yote niliifanya kwenye nakala.

Megabaiti 9 kati ya gigabaiti 32 unaweza kuziona si kitu, lakini inategemea zimeangukia wapi. Video fupi niliyoihariri, ya MP4, haikufunguka kabisa, kwa sababu aina ile huweka faharasa yake sehemu moja, mara nyingi mwishoni, na ndiyo iliyoliwa. Nasaha zilikuwa kwenye faili la MTS kama lilivyotoka kwenye kamera, na MTS inajieleza kila hatua njiani. Likafunguka. Mahali panne picha ilivunjika vipande vipande kama tivii ya dishi wakati wa mvua, na mahali pamoja sauti ilikatika, mzee anasema "mume wako akirudi amechoka…" halafu kimya cha sekunde kama mbili. Mama aliiangalia mara tatu. Alisema anajua alichosema hapo.

Sasa nifanyacho. Kuna ushauri unaozunguka kwamba uchomeke flashi kwenye kompyuta mara moja moja "ipate chaji". Kwa flashi za kawaida usiutegemee. Kuichomeka hakuijazi mitungi. Kinachoijaza ni kuandika upya. SSD nzuri zina akili ya kuhamisha data inayofifia zikiwa na umeme, lakini flashi ya dukani usiipe sifa hiyo.

Kwa hiyo mimi hunakili kila kitu kwenda kwenye kompyuta, nafomati flashi, narudisha. Kabla ya kurudisha, natengeneza orodha ya alama za kila faili, alama inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, nikiwa ndani ya folda iliyoko kwenye kompyuta:

```
find . -type f -exec sha256sum {} + > ../orodha.sha256
```

Nikishaandika kwenye flashi, naitoa kwa utaratibu, naichomoa, nasubiri, naichomeka tena, ndipo naingia folda ile kwenye flashi na kukagua kwa `sha256sum -c` nikiielekeza kwenye orodha ile. Usiruke kuchomoa. Usipochomoa, kompyuta inaweza kukusomea yaliyobaki kwenye kumbukumbu yake yenyewe, ikakwambia `OK` wakati flashi haijaguswa. Kila faili lazima lijibu `OK`. Orodha naitunza, na mwaka unaofuata naanza kwa kukagua nayo kabla sijanakili chochote, ili nisije nikaandika upya faili lililokwisha kuharibika na kujiona nimelihifadhi.

Kazi hii naifanya Ramadhani. Harusi zinakwisha na vunja jungu, studio inapoa, na kwa kuwa mwezi ule unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, data yangu haifikishi miezi 12 bila kuandikwa upya. Kwenye plasta sasa siandiki jina la bwana harusi peke yake. Naandika na tarehe ya mwisho ya kuandika upya.

Ila flashi sasa ni nakala ya pili. Ya kwanza iko kwenye diski ngumu ya nje, ile ya sahani zinazozunguka. Usumaku wake hauvuji kwa mwendo wa chaji ya flashi, unaweza kukaa miaka mingi. Kinachokufa ni mashine: mota, vichwa vya kusomea, vilainishi, na huku pwani chumvi inakula soketi. Kwa hiyo naiwasha Ramadhani hiyohiyo na kuisoma yote kwa orodha ileile, bila kulazimika kuiandika upya. Ikianza kugonga tik, tik, tik, naizima papo hapo. Kila mlio ni kichwa kinachotafuta njia, na kinaweza kukwaruza sahani.

Na CD na DVD? Nilikagua zangu za 2012 na 2013. Zilizokuwa kwenye bahasha nyeusi kabatini nyingi zilisomeka, zilizosimama dirishani karibu zote zilikuwa zimekwisha, maana diski ya kuchoma nyumbani hushika data kwa rangi, na rangi hupauka kwa jua na joto. CD ina udhaifu wake wa ziada: tabaka la data liko juu, chini kidogo tu ya lebo. Mkwaruzo upande wa lebo unaua kuliko ule wa upande unaong'aa. Zilizosomeka nilizihamishia kwenye diski ngumu, nami sijachoma nyingine.

Droo ya juu siku hizi inakaa bili na risiti. Flashi na diski ngumu ziko kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vipakiti vya kunyonya unyevu vilivyotoka kwenye maboksi ya viatu, chumba cha ndani, rafu ya chini kabisa. Novemba iliyofuata nilipima humo saa tisa mchana. Nyuzi 29.