Lile "kwa nini" la ukurasa wa 41

Mteja wangu aliiuzia hosteli moja hapa Nairobi vitanda 320 vya chuma. Hosteli ikakataa kulipa salio, ikidai vilifika vibovu. Shahidi wao, meneja wa ununuzi, aliandika kwenye aya ya 9 ya taarifa yake: "Vitanda vilikaguliwa siku hiyo hiyo na tukalalamika mara moja."

Taarifa ya namna hii huisoma nikizungushia vitenzi kalamu nyekundu. "Vilikaguliwa" na nani? Alikagua yeye, au aliambiwa? Kisha nazipanga nyaraka kwa tarehe, nisifuate kurasa za jalada. Tarehe 3 Machi, hati ya kupokea mzigo, ukurasa wa 41, ina saini yake na nafasi ya maoni iko tupu. Tarehe 15 Machi anaandika barua pepe kuagiza vitanda 40 zaidi. Tarehe 2 Juni tunatuma barua ya kudai pesa. Malalamiko yao ya kwanza ni ya tarehe 5 Juni.

Hapo nikajua ninachotafuta. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mnunuzi akikaa na bidhaa kupita muda wa kadiri bila kusema anazikataa, huhesabiwa amezipokea. Bado anaweza kudai fidia ya ubovu, kwa hiyo ilinibidi nionyeshe pia kwamba ubovu wenyewe ulianza kutajwa baada ya deni kudaiwa.

Muhtasari wangu wa maswali ya kumhoji shahidi huwa na jambo moja kwa kila mstari, na pembeni aya au ukurasa unaolithibitisha. Nikikosa cha kuandika pembeni, swali nalifuta. Mpangilio nao una siri yake: kwanza unambana shahidi kwenye aya ya 9, ndipo unafungua ukurasa wa 41. Ukianza na hati, ataipinda taarifa ifanane nayo. Kifungu cha 153 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu kumhoji juu ya maandishi yake ya awali kabla ya kumwonyesha, ila ukitaka kumpinga kwayo lazima umwelekeze kwenye sehemu husika. Kwa hiyo naandika hadi mstari.

"Ulilalamika mara moja?" Ndiyo.
"Saini ya ukurasa wa 41 ni yako?" Ndiyo.
"Nafasi ya maoni iko tupu?" Iko tupu.

Muhtasari wangu uliishia hapo. Mimi, kwa utamu wa jibu, nikaongeza: "Sasa kwa nini hukuandika chochote?"

"Mheshimiwa, lori lilifika saa tatu usiku, stima zimepotea. Dereva alinisihi nisaini arudi nyumbani."

Jaji akayaandika yote. Katika taarifa yake hakukuwa na neno juu ya giza. Nilimfungulia mlango mwenyewe.

Siku hizi kila "kwa nini" inayonijia nikiandaa muhtasari naihamishia karatasi ya mawasilisho ya mwisho, ambako shahidi hayupo kunijibu. Siku ile nilikuwa bado na barua pepe ya vitanda 40. Nikamwomba asome tarehe na idadi, nikakaa chini.