Re: Tiki ya Read-only inarudi kila nikiitoa

"Wakuu, folda langu la D:\Kazi natoa tiki ya Read-only, nabonyeza Apply, nikifungua Properties tena imerudi. Na kuna mafaili hayasevu. Ni virusi?"

Si virusi mkuu, hicho unachokiona si tiki, angalia vizuri ni kijiboksi cheusi, na maana yake Windows haijasema chochote kuhusu folda, inakusubiri useme unataka mafaili ya ndani yafanywe nini, ndo maana ukibonyeza Apply inabadilisha mafaili halafu ukirudi kijiboksi kiko palepale. Kitakuwepo hata kwenye folda jipya ulilotengeneza sasa hivi.

Folda lenyewe linaweza kuwa na R kweli, yaani Read-only, ila haimzuii mtu kusevu wala kufuta humo, Explorer inaitumia kama alama tu kwamba humu kuna desktop.ini nikaisome, mfano ulibadilisha ikoni ya folda. Ukiitoa kwa nguvu ikoni yako inapotea, basi.

Sasa hayo mafaili yasiyosevu, fungua cmd:

```
attrib "D:\Kazi\*" /s
attrib -r "D:\Kazi\*" /s
```

Ya kwanza inaorodhesha mafaili yote, yenye Read-only utayaona na herufi R pembeni, ya pili inaitoa. Kama hakuna R na bado inakwambia Access denied, hapo shida ni ruhusa, nenda tabu ya Security uone kama akaunti yako ina Modify, hasa kama hiyo diski ilitoka kompyuta nyingine.