Maziwa hayajui kama mtoto hayupo

"Mama, jana usiku nimemwambia mama mmoja kwamba mtoto wake kafia tumboni, mimba ya miezi nane, nikajikuta naongea ongea tu. We ulikuwa unasemaje? Na akiruhusiwa nimpe karatasi imeandikwa nini?"

Mwanangu, mie nilikuwa navuta kiti nakaa kwanza, na kama mume au mama yake yuko nje kwenye benchi naita aingie. Halafu nasema moja kwa moja, "Pole sana mama, mtoto amefariki." Ukisema "mapigo hatuyasikii" anabaki anasubiri upime tena, anadhani labda mashine ndo mbovu. Ukishasema nyamaza. Akilia mwache alie, na tafadhali usimwambie "utapata mwingine", alimtaka huyuhuyu.

Kumwona mtoto usimlazimishe, ila usimfiche. Mwambie kabla atakachokiona, kwamba ngozi inaweza kuwa imechubuka na midomo imekuwa myeusi. Akikataa muulize tena baada ya saa chache, maana si unajua kwetu, wanaume wanakuja kumchukua wakazike na mama bado yuko kitandani, akiruhusiwa mtoto keshazikwa na yeye hata sura hakuiona.

Sasa karatasi. Kinachosahaulika kila mara ni maziwa. Kuna binti wa Mbagala tulimruhusu na panado zake, hatukumwambia kitu, siku ya tatu akarudi kanga imelowa kifuani, matiti magumu kama jiwe, ananiuliza, "Sista, sasa haya ya nani?" Sikuwa na jibu na bado naumia, kwa sababu tulijua yatakuja, kondo la nyuma likishatoka mwili unaanza kutengeneza maziwa, mtoto awe hai asiwe hai.

Basi andika hilo juu kabisa, kwa Kiswahili cha nyumbani: kati ya siku ya pili na ya tano matiti yatajaa, vaa sidiria inayoshika vizuri usiku na mchana, weka kitambaa cha maji baridi, meza panado, yakiuma sana kamua kidogo tu upate nafuu usiyamalize, maana ukiyamaliza yanatengenezwa mengine. Na wasimfunge kanga kifuani kwa nguvu kama wazee wanavyopenda, inaziba mirija. Vipo vidonge vya kukausha, ila mwenye presha ya mimba asipewe, muulize daktari. Titi likiwa jekundu sehemu moja, lina moto na ana homa, arudi. Damu ikiloweza pedi ndani ya saa moja, arudi hapohapo bila kungoja; ikinuka, arudi siku hiyohiyo.

Chini andika namba ya wodi kwa mkono wako. Ila usimpe ukaondoka, msomee na mumewe akisikia, kwa sababu siku ile hashiki kitu kichwani, mume ndo atakayeikumbuka usiku matiti yakijaa. Na kama walishampa mtoto jina, litaje unaposoma.

Kesho ukiingia zamu kamwangalie. Kama bado yuko wodi moja na wenye vichanga, muombee kitanda kwingine kabla hujafanya chochote.

Mama yako