Maswali na majibu: Siku haupo, mama watoto atabonyeza wapi?

Swali: Kaka, nimefunga sola na pampu ya kisima inayojiwasha yenyewe kwa ESP32. Mke wangu umeme haujui kabisa. Nimwandikie nini ili nikisafiri asikwame?

Karatasi moja tu, ibandikwe ndani ya mlango wa boksi. Kuna mtu alinionyesha faili la kurasa arobaini alilomwandikia mkewe, nikamuuliza je huyo mama ameshalifungua? Kimya.

Ngoja nikupe yangu, maana nilijifunza kwa aibu. Nyumbani kwa mama nilifunga mfumo kama wako, nikajisifu wee, halafu nikaenda zangu kazini mkoa mwingine. Siku moja mdogo wangu anapiga simu, maji hamna siku ya pili na kisima kimejaa. Namwambia fungua boksi, angalia relei ya pampu. Anauliza ipi, ziko nne zote za bluu. Namwambia ya tatu. Ya tatu kutoka wapi, juu au chini? Hapo ndo nikagundua hata mi sikumbuki, na hata ningekumbuka relei zile hazina kitufe cha kubonyeza, kwahiyo angefanya nini, aitazame? Mama akanunua maji ya madumu mpaka Jumamosi niliposhuka na basi.

Kosa lenyewe dogo: senso ya juu ya tenki ilikuwa imeshika matone usoni ikawa haijibu. Senso isipojibu, programu yangu ilikuwa inapata 0, na kwa hesabu zangu umbali mfupi maana yake tenki limejaa, basi pampu ikagoma kuwaka. Kuifuta senso kwa kitambaa, dakika moja.

Kwahiyo kabla hujaandika chochote funga swichi ya nafasi tatu iandikwe MKONO, ZIMA, OTO. Kwenye OTO kontakta inasubiri relei, kwenye MKONO umeme unaenda moja kwa moja kwenye A1 ya kontakta bila kupitia ESP32. Ila angalia hapa mafundi wengi wanapoharibu: floti ya kisima na ovalodi ya pampu zikae baada ya swichi, yaani njia zote mbili zipite hapo. Ukiziweka upande wa OTO peke yake, siku mkeo akiweka MKONO akasahau, pampu itazunguka bila maji mpaka iungue.

Ukishafunga ndo karatasi. Mambo matatu: kuzima kila kitu ni swichi ipi na ipi kwa mpangilio, kupandisha maji kwa MKONO unafanyaje na unakaa dakika ngapi, na kitu gani asikiguse hata kama mtu kamwambia kwa simu. Chini weka namba ya fundi anayeujua mfumo. Halafu mpe afanye yeye wewe umekaa pembeni mikono mgongoni na mdomo umefunga. Kila mahali atakapogeuka kukuangalia, hapo karatasi yako ina shimo.

Swali: Fundi wangu anasema lebo ni mbwembwe, rangi za waya zinatosha. Ni kweli?

Huyo fundi muulize waya mweusi ni nini.

Kwenye nyumba za zamani hapa kwetu tulifuata rangi za Waingereza, nyekundu ni laini na nyeusi ni nyutro. Zikaja rangi mpya, kahawia ni laini, bluu ni nyutro. Sasa nenda kwenye fezi tatu: zamani fezi zilikuwa nyekundu, njano na bluu, nyutro nyeusi, mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro bluu. Umeona mtego? Nyeusi iliyokuwa nyutro saivi inaweza kuwa fezi, na bluu iliyokuwa fezi saivi ni nyutro. Halafu juu ya hapo unaleta sola, ambako nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, na zote zinaingia boksi moja. Nyumba iliyoongezwa chumba mara mbili ina rangi zote hizo, na zile ambazo fundi alikosa kahawia dukani akavuta alichonacho.

Rangi inakwambia waya ni wa aina gani, ikiwa una bahati. Haikwambii unatoka wapi unaenda wapi. Mi natumia herufi na namba: U ni umeme mkubwa, B ni betri na sola, S ni senso na nyaya ndogo. Namba moja inakaa ncha zote mbili, hili nalirudia kila mwezi na kila mwezi naona picha za boksi limeandikwa vizuri upande mmoja, upande wa pili nyaya ziko uchi. Lebo ya upande mmoja haimsaidii mtu aliyeko juu ya mnara wa tenki. Kwenye daftari naandika mstari mmoja kwa kila waya, kwa mfano "U4: kutoka kontakta T1 kwenda pampu", "S3: kutoka ESP32 pini 26 kwenda relei ya pampu". Basi. Mfumo kama huo wa maji una nyaya hazifiki ishirini, ni jioni moja.

Na hata lebo iseme nini, mtu apime kwa mita kabla ya kugusa. Lebo inaweza kudanganya.

Swali: Maskintepu na maka peni si inatosha?

Kwa wiki ya kwanza, ndiyo. Boksi lililo chini ya bati joto linakausha gundi, tepu inadondoka chini na ukifungua unakuta lebo sita sakafuni hazijui kwao. Maka nayo jua linailamba. Nunua zile pete za plastiki zenye namba zinazovishwa kwenye waya kabla hujakaza skrubu, au andika kwenye kikaratasi, kizungushe kwenye waya, kisha vika mpira wa joto unaoonyesha ndani uupashe moto. Bei rahisi na haitoki.

Swali: Naomba code ya tenki kaka.

Wa tisa mwezi huu. Tenki lako lina urefu gani, senso gani, relei gani? Hujasema.

Swali: Mimi ni programa, programu yangu iko safi inajieleza yenyewe. Kwanini niweke maelezo?

Inajieleza kwa nani? Mwanao akiifungua miaka mitano ijayo ataona inafanya nini, hatajua kwanini. Atakuta namba 30 aone ya ajabu, aweke 10 tenki lijae vizuri, na hapo kaharibu. Angalia:

```cpp
// Pini 26 -> waya S3 -> relei ya pampu.
// LOW = pampu INAWAKA. Moduli hii iko kinyume, usigeuze.
const int RELEI_PAMPU = 26;

// Senso haioni vitu vya karibu kuliko sm 25 hivi,
// ndio maana tunazima kwenye 30. Usishushe.
const int ZIMA_SM = 30;

// 0 = senso HAIJAJIBU. Sio tenki limejaa!
// Kafute senso (waya S5, juu ya mnara).
const int HAIJAJIBU = 0;
```

Ona kuwa jina la waya kwenye programu ni lile lile lililoko kwenye pete na kwenye daftari. Hapo ndo pana faida yote. Mtu akisoma S3 kwenye skrini anaenda kuishika S3 kwa mkono. Ukiita kwenye programu relei2, kwenye boksi "pampu", kwenye daftari "mota ya kisima", umempa kazi ya kubahatisha.

Ile ya LOW usiidharau. Moduli nyingi za relei za bei rahisi zinawaka pini ikiwa LOW, mtu asiyejua anaona "kosa", anageuza, na pampu inakaa imewaka muda wote inaotakiwa kupumzika.

Kingine, juu kabisa ya faili andika toleo la vifurushi ulivyotumia. ESP32 kwenye Arduino walipotoka 2 kwenda 3, `ledcSetup` na `ledcAttachPin` zikaondolewa, ikaja `ledcAttach`. Programu iliyokuwa nzima jana, ukiiweka kwenye kompyuta mpya inakataa kukompaili, na kijana wako ataamini yeye ndo kaharibu.

Swali: Baba alifariki, alitengeneza mfumo wa geti na maji. Laptopu yake iliibiwa. Programu naweza kuitoa kwenye ESP32 yenyewe?

Pole sana dada. Maandishi aliyoyaandika baba hutayapata, kwenye chipu kuna tafsiri ya mashine tu. Lakini maadam bado inafanya kazi unaweza kuchukua nakala nzima leo, kabla radi haijapita, na ukaiweka kwenye ESP32 nyingine ya aina hiyo hiyo. Kwa yenye memori ya MB 4:

```
esptool.py --chip esp32 read_flash 0 0x400000 nakala.bin
esptool.py --chip esp32 write_flash 0 nakala.bin
```

Mstari wa kwanza ni kusoma kwenye ya zamani, wa pili ni kuandika kwenye mpya. Ukichanganya ukaandika kwenye ya zamani faili baya, imekwisha. Kama ilifungwa kwa usimbaji, nakala haitakubali kwenye chipu nyingine, lakini nyingi za majumbani hazikufungwa. Na hiyo faili usimtumie kila fundi, paswedi ya waifai iko humo ndani.

Ukimaliza, piga picha boksi kabla hujachomoa hata waya mmoja, kisha vika namba.

Swali: Tumebadilisha ruta, mfumo umekufa.

Ipe ruta mpya jina na paswedi za ruta ya zamani, herufi kwa herufi, na uwashe ile ya 2.4 GHz maana ESP32 ya kawaida haioni 5. Haijafa.

Swali: Kila kitu nimekihifadhi kwenye simu yangu. Hiyo si tosha?

Simu inafunguka kwa kidole chako. Na namba za kuthibitisha zinakuja kwenye laini yako hiyo hiyo. Umeme ukikatika na ruta imezima, hata hicho kilichoko mtandaoni hakipo. Chapisha, weka nakala moja ndani ya boksi na nyingine kwenye kaunta buku kabatini, programu iwe kwenye flashi mle mle na ESP32 ya akiba iliyokwisha wekwa programu, ndani ya bahasha. Paswedi zikae kabatini, sio mlangoni mwa boksi.

Na ukishachapisha, nenda kwenye meni swichi ubandike kwa herufi kubwa: NYUMBA HII INA VYANZO VIWILI. Kuzima TANESCO hakuzimi inveta. Kuzima inveta hakuzimi paneli. Paneli nne zilizounganishwa mfululizo zinaweza kukaribia volti 200 za umeme wa moja kwa moja, na mradi jua linawaka nyaya za kutoka juu hadi kwenye aizoleta ziko hai hata aizoleta ukiizima. Hizo kwangu zina B1 na B2, na pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: usiku tu.